Kabla ya Kumtambulisha Mzungumzaji: Namna ya Kumhoji Ukapata la Kusema

Utambulisho wa mzungumzaji kwenye mahafali ya skuli huchukua dakika moja na nusu, zikizidi mbili. Ukisoma kwa utulivu hayo ni maneno 150 mpaka 200. Maisha ya mtu hayaingii humo. Kinachoingia ni jibu la swali moja tu: kwa nini huyu, azungumzie hili, mbele ya hawa. Wasifu anaokuletea mzungumzaji mara nyingi hauna jibu hilo, maana uliandikwa kwa ajili ya kuombea kazi, nao humwambia mwajiri mambo ambayo kijana wa Kidato cha Nne aliyekaa juani na joho lake hana haja nayo. Jibu linapatikana kwa kumwendea mtu mwenyewe, ukakaa naye, ukamuuliza.

Nitakwenda na mfano mmoja wa kutunga ili hatua zionekane. Skuli moja ya sekondari mjini Wete ina mahafali. Mgeni rasmi ana itifaki yake, huyo si shughuli yetu. Wewe umepewa kumtambulisha mzungumzaji wa mada: mkunga mstaafu aliyekubali kuja kuwaeleza wahitimu kazi ya uuguzi ilivyo. Tumwite Bi Fulani.

Wasifu kwanza, kalamu mkononi

Usimpigie simu kabla hujausoma wasifu wake. Mzee akigundua unamuuliza jambo alilokwisha kukuandikia, ataona umemdharau, na majibu yake yatakuwa mafupi. Kama hana wasifu ulioandikwa, na wastaafu wengi hawana, muombe mwalimu aliyempendekeza akwambie anachokijua, nawe ukiandike kama tetesi za kuhakikishwa.

Tuseme ya Bi Fulani yako mistari sita: amezaliwa 1956, amesomea uuguzi na ukunga V. I. Lenin, 1976 hadi 1979. Hospitali ya Wete, 1979 hadi 1991. Kituo cha afya Micheweni, 1991 hadi 2003. Tena Wete, msimamizi wa wodi ya wazazi, mpaka alipostaafu 2016. Ameoa binti zake wote. Huo wa mwisho uliandikwa na mjukuu aliyechapa, na hakuna shaka alikusudia "ameoza".

Pita mstari kwa mstari ukiweka alama tatu. Yanayobaki yapigie mstari chini. Yanayotaka swali yawekee alama ya kuuliza. Yasiyohusu yakate. Hapa mwaka wa kuzaliwa unakatwa na habari ya mabinti inakatwa. V. I. Lenin inawekewa alama ya kuuliza, kwani wahitimu wa leo hawajui kuwa ndilo lilikuwa jina la Hospitali ya Mnazi Mmoja baada ya Mapinduzi. Zanzibar tunayo majengo mengi yaliyobadilishwa majina: Skuli ya Lumumba ilikuwa King George VI, na Mnazi Mmoja yenyewe kabla ya kuitwa Lenin iliitwa Karimjee Jivanjee. Mtu hulitaja jina la wakati wake, na yuko sahihi. Kazi yako ni kumuwekea msikilizaji jina analolijua pembeni yake.

Mpaka hapo unayo kumbukumbu ya ajira. Bado huna utambulisho.

Simu ya kwanza

Simu hii ni ya kuomba nafasi, si ya kuhoji. Mambo matatu ayasikie: wewe ni nani na nani kakutuma, unataka nini, na kitachukua muda gani. "Shikamoo Bi. Mie ni mwalimu kutoka skuli, ndiye nitakayekukaribisha jukwaani siku ya mahafali. Ningependa nije kwako nusu saa hivi, unieleze kazi yako, nisije nikakusemea kitu ambacho sicho." Hayo ya mwisho ndiyo yanayofungua mlango. Mzee ambaye angekataa "kuhojiwa" atakubali kuhakikisha kwamba hasemewi uongo mbele za watu.

Wakati mzuri ni baada ya alasiri, kuanzia kama saa kumi na nusu hivi, uondoke kabla ya magharibi kuanza kumshughulisha. Ijumaa mchana usifikirie. Nenda siku saba hadi kumi kabla ya hafla: karibu zaidi ya hapo hupati muda wa kuhakikisha, mbali zaidi ya hapo mada yake huwa bado hajaipanga na hawezi kukujibu.

Simu hutosha yenyewe kama mtu yuko Unguja nawe uko Pemba, lakini kwa mtu mzima usimtumie maswali kwa maandishi ya WhatsApp ukategemea majibu. Utaletewa "Alhamdulillahi, nilifanya kazi vizuri". Akiwa mbali, muombe akutumie sauti, swali moja baada ya jingine.

Kukaa naye

Kama mwenyeji wako ni mwanamme, baraza ya nje inafaa mpaka wapita njia waanze kusalimia na kuingilia kisa. Kwa Bi Fulani utakaribishwa ukumbini. Kama wewe ni mwanamme, mwambie kwenye simu kwamba utafuatana na mwalimu wa kike, itamuondolea tabu ya kutafuta nani akae naye.

Daftari litoke tangu mwanzo, lisitokezwe katikati, maana daftari likitoka katikati mtu hushtuka akajiuliza amesema nini. Ukitaka kurekodi kwa simu, omba ruhusa, na sema sauti hiyo itafika wapi: "Nasikiliza mwenyewe nikiandika, basi, simpi mtu." Akisita, acha. Ila hata ukirekodi, andika kwa mkono maneno yake yaleyale kila anaposema kitu chenye picha. Utakaposikiliza usiku utakuta feni imefunika nusu ya mazungumzo.

Swali la mwanzo ni la mada, wala si la maisha: "Siku hiyo unakusudia kuwaambia nini hawa vijana?" Ukilijua hilo, ndipo unajua maisha yake uyachimbe upande gani. Bi Fulani akisema, "Nataka wajue uuguzi si sare nyeupe. Wajipime kwanza kama wanaweza," basi unachotafuta kwa nusu saa iliyobaki ni ushahidi kwamba yeye alipimwa akaweza. Cheti hakikuonyeshi hilo, wala miaka ya kazi. Kinachoonyesha ni tukio.

Mara nyingi pia atakuwapo mtoto wake wa kiume anayemjibia: "Mama huyu ndiye mkunga wa kwanza Micheweni nzima!" Usimnyamazishe, ni nyumba yake. Liandike, mshukuru, kisha mgeukie mwenyewe: "Bi, ulipofika Micheweni ulimkuta nani?" Akikujibu kwamba aliwakuta wakunga wawili, ule "wa kwanza" umekwisha kufa bila ya mtu kuaibika. Neno "wa kwanza" liogope kila unapolisikia. Mbele ya watu mia tatu hakosekani anayemjua aliyetangulia.

Mtu asiyetaka kujisifu

Hapa ndipo mahojiano mengi ya kwetu yanapokwama, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Muulize mtu mzima wa Pemba, "Bi, tuambie mafanikio yako," uone. Atakwambia, "Mafanikio gani mwanangu? Nimefanya kazi kama walivyofanya wenzangu. Alhamdulillahi." Mchukuaji maelezo mchanga hudhani huyu hana la kusema, akarudi na ukurasa wa sifa alizojijazia mwenyewe: mchapakazi, mpole, mwenye huruma. Kumbe tatizo ni swali. Umemwomba ajisifu, naye amelelewa kuona kujisifu ni aibu, tena ni ria, na kwa upande mwingine ni kujitafutia kijicho. Hakatai kusimulia. Anakataa kujipa daraja.

Basi usiulize sifa. Uliza vitu, saa, mahali na watu waliokuwapo. Mazungumzo huenda hivi:

"Bi, mlipoingia zamu ya usiku miaka hiyo, mlikuwa wangapi?"

"Wawili. Mie na mwenzangu. Na mlinzi nje."

"Wodi nzima?"

"Wodi nzima. Kwani walikuwapo wengine?"

"Umeme ukizimika mkifanyaje?"

"Karabai. Na mafuta ya taa yakikosekana, tochi mdomoni."

"Tochi mdomoni?"

"Ehe. Mikono yote miwili si ina kazi?"

Angalia kilichotokea. Hakujisifu hata kidogo, na amekupa sentensi ambayo ukumbi mzima utaiona. Angalia pia swali lililoileta: umeyarudia maneno yake mawili tu ukanyamaza. Mtu akikutajia kitu usichokitegemea, usikimbilie swali lako linalofuata kwenye daftari. Kirudie hicho kitu, kisha ngoja.

Endelea: "Upo usiku mmoja ambao mpaka leo hujausahau?" Swali hili usilianze nalo. Lianze baada ya dakika kumi na tano za habari za zamu, karabai na mlinzi, wakati yeye mwenyewe amekwisha kurudi kule.

"Upo. Aliletwa mama kwa mashua kutoka Fundo. Maji yamekupwa, mashua haifiki gatini. Tukamfuata."

"Tukamfuata, nani na nani?"

"Mie, mlinzi, na jamaa wawili waliokuwa gatini. Tuliingia matopeni na kitanda."

"Kitanda cha spitali?"

"Wapi! Cha kamba, tulikiazima nyumba ya jirani. Cha chuma ungekinyanyua?"

"Na mwenzako wa zamu?"

"Alibaki na wodi. Wote wawili hatuwezi kutoka."

"Ikawaje?"

"Alijifungua salama. Alfajiri inaadhiniwa."

Swali la "nani na nani" ndilo lenye kazi kubwa humo. Wazee wetu husema "tulifanya", "tukaenda", "tukapeleka", na ndani ya hiyo "tu" ndimo walimojificha. Usipoifungua, huwezi kujua kama yeye ndiye aliyeingia matopeni au alikuwa amesimama gatini na taa. Ukidhani tu, ukaandika kwamba aliingia, umemsemea uongo. Kila ukisikia "tu", uliza bila ya pupa.

Liko na swali la upande mwingine linalofaa kwa wanyenyekevu: muulize habari za aliyemfundisha. "Nani alikuonyesha kazi ulipofika Wete?" Kila mtu yuko tayari kumsifu mwalimu wake, na katika kumsifu hukwambia ni kitu gani yeye anakiona kuwa kazi nzuri. Kisha geuza: "Na wewe uliwafundisha nani?" Hapo Bi Fulani anaweza kukwambia kwamba miaka yake ya mwisho wakunga wapya walikuwa wakikabidhiwa kwake miezi ya mwanzo, na kwamba wako wawili katika wale aliowapokea mwenyewe walipozaliwa kisha wakaja kufanya kazi chini yake. Hilo halimo kwenye wasifu. Muulize kama wako Wete mpaka sasa, na andika majina yao kwa ajili yako tu, ili kama kuna wasiwasi uweze kuhakikisha.

Utajuaje kama umepata? Soma daftari lako hapohapo, kabla hujaaga. Kama limejaa sifa na halina kitu cha kushikika, bado hujahoji. Kama unaweza kulifuta jina lake ukaweka la muuguzi mwengine yeyote na maneno yasigeuke uongo, uliza tena.

Tarehe zinazokumbukwa kwa matukio

Usimlazimishe mzee kutaja mwaka. Akikisia, atakisia kwa adabu ili asikuvunje moyo, nawe utaandika kama hakika. Muulize nini kingine kilikuwa kikitokea: nani alikuwa rais, vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, umeme wa Tanga ulikuwa umefika.

Usiku wa mashua Bi Fulani haujui mwaka wake, lakini anakumbuka kwamba Mzee Mwinyi ndiye alikuwa rais wetu huku. Ali Hassan Mwinyi aliiongoza Zanzibar tangu mwanzoni mwa 1984, na mwaka 1985 akachukua urais wa Muungano. Kwa hiyo tukio liko ndani ya kipindi kifupi, na linaafikiana na wasifu, kwani miaka hiyo alikuwa Wete. Ukiandika "katikati ya miaka ya themanini" umesema kweli. Ukiandika "1984" umebahatisha. Vilevile akisema "karabai tumelitumia mpaka umeme wa Tanga ulipokuja", unajua ni 2010, ndipo waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipoifikia Pemba. Hapo sasa simama, kwa sababu mwaka huo yeye alikuwa msimamizi wa wodi: muulize kama alikuwa bado akishika zamu za usiku, au anasimulia ya wenzake.

Hesabu za miaka zifanye mwenyewe kwa kalamu. Bi Fulani anasema amefanya kazi miaka arubaini. 1979 mpaka 2016 ni miaka 37. Usimwambie amekosea, muulize, "Arubaini ukianzia wapi, Bi?" Atakwambia anahesabu tangu alipoingia chuoni 1976, na kwa hesabu hiyo arubaini ni sawasawa. Wewe utaandika "miaka 37 kazini", au utaandika arubaini "tangu siku aliyoingia chuoni". Yote mawili ni kweli. Kinachokosekana ukweli ni arubaini isiyo na maelezo, na mstaafu mwenzake aliyekaa safu ya pili ataigundua.

Tuzo na vyeti omba uvione. Jina la tuzo liandike kama lilivyo kwenye karatasi, na ukiruhusiwa piga picha.

Yasiyosemwa

Kabla ya kufunga daftari uliza waziwazi: "Bi, kuna jambo katika haya usilopenda nilitaje?" Watu wengi huliacha swali hili kwa haya, na ndilo linalowaokoa. Akikwambia liache, usimuulize sababu.

Yako na mambo ya kuyaacha hata kama hakukataza. Idadi ya watoto na wajukuu haitajwi hadharani, wenyewe hawapendi wahesabiwe. Ndoa iliyovunjika haina nafasi kwenye mahafali, hata kama yeye amekusimulia kwa kicheko. Siasa pia: nani wa chama gani, nyumba ya nani iliumia mwaka 1964, nani alihamishwa kazi baada ya uchaguzi upi. Kwetu Pemba mambo hayo mzee anaweza kukusimulia saa nzima ukumbini mwake na asitake hata herufi yake isikike jukwaani, penye watu wa kila upande. Alikuwa akizungumza na mgeni wake, si na umma.

Kwa mkunga kuna jengine la peke yake: siri ya mgonjwa. Yule mama wa mashua yuko, na mtoto wake sasa ni mtu mzima. Fundo ni kisiwa kidogo, na ukitaja kisiwa, kipindi na maji kukupwa, watu wa huko watajua ni nani kabla hujamaliza sentensi. Kwenye daftari andika Fundo. Kwenye maandishi ya kusomwa iwe "kisiwa jirani", au usikitaje kabisa kisa hicho. Muulize yeye mwenyewe mpaka wake uko wapi, kwa sababu kiapo ni chake.

Swali jengine linalosahauliwa: "Kisa hiki utakisimulia mwenyewe siku hiyo?" Bi Fulani anasema ndiyo, ndicho atakachoanzia. Basi kisa kikubwa kuliko vyote ulivyopata hukitumii. Inauma, lakini ukikisema wewe kwa sentensi mbili, yeye atasimama na kurudia kitu ambacho ukumbi umeshakisikia. Tochi, ambayo yeye haioni kuwa ni kitu, ndiyo yako.

Jina na cheo, mwisho kabisa

Mambo ya jina huwekwa mwisho kwa sababu yana harufu ya fomu, na fomu ikitangulia mtu hujibu kifomu. Chai imeshanywewa, sasa uliza: "Jina lisomwe vipi?" Kwenye vyeti ana majina matatu, lake, la baba na la babu, mtaani anajulikana kwa jina la kazi au la mwanawe wa kwanza. Muombe aliandike yeye mwenyewe kwenye daftari lako, usikisie kama ni Khamis au Hamisi, Abdalla au Abdulla, Maryam au Mariamu. Kisha lisome kwa sauti mbele yake, akusahihishe.

Cheo kina mtego. Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, na bila shaka mtaani kwake Bi Fulani ni "Daktari". Ukimwita hivyo jukwaani, na kwenye viti vya mbele wamekaa madaktari wa hospitali, aibu ni yake, si yako. Muulize: "Nikuite nani?" Akisema "Bi inatosha", inatosha. Kama amekwenda hijja, muulize kama anapenda itajwe. Wako wanaopenda na wako wanaoiona ni baina yao na Mola wao.

Kuandika, na kumsomea

Andika usiku uleule au kesho yake asubuhi. Anza na kile kitu cha kushikika, fuata na ithibati chache kutoka kwenye wasifu, funga kwa mada, na jina liwe la mwisho ili makofi yaangukie hapo. Usianze na "mtu asiyehitaji kutambulishwa": wahitimu hawamjui, na ndiyo maana umesimama. Ya Bi Fulani yanaweza kutoka hivi:

"Ndugu wahitimu, mzungumzaji wetu alianza zamu zake Hospitali ya Wete mwaka 1979, siku ambazo usiku wauguzi wawili ndio waliokuwa na wodi nzima ya wazazi. Umeme ukizimika, waliwasha karabai. Mafuta ya taa yakikosekana, alizalisha akiwa ameiuma tochi mdomoni, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Ukunga aliusomea Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja, siku hizo ikiitwa V. I. Lenin. Amefanya kazi miaka 37, Wete na Micheweni, na mpaka anastaafu 2016 wakunga wapya walikuwa wakikabidhiwa kwake kwanza. Wawili kati yao aliwapokea mara mbili: walipozaliwa, na walipoanza kazi.

Leo amekuja kuwaambia mnaoufikiria uuguzi mjipime nini kabla hamjaivaa sare. Tumpokee Bi Fulani."

Ni maneno kama mia moja hivi, kwa hiyo dakika moja. Umebakiwa na nafasi, na si lazima uijaze.

Sasa mpigie simu umsomee neno kwa neno. Usimtumie maandishi peke yake: mtu akisoma hukubali, akisikia ndipo hushtuka. Sikiliza anapokatiza. Akisema "hapo pa tochi pana haja gani?", mweleze kwamba vijana wataikumbuka, lakini akishikilia, itoe. Akisahihisha ukweli, sahihisha bila ya kubisha, kisha msomee tena sentensi hiyo tu. Akianza kuongeza, na mara nyingi wa kuongeza ni mwanawe aliyeko pembeni, pokea kwa heshima, na uongeze lile tu linalohusu mada.

Siku yenyewe fika mapema, mkute kabla hajaketi, umuulize kama kuna kilichobadilika. Huenda usiku wa jana ameamua kuanza na tochi badala ya mashua, na hapo itakubidi ukate sentensi moja kwa kalamu. Karatasi yako ichapwe kwa herufi kubwa, mistari iachane, na nakala ya pili umpe mwalimu mwenzako, pamoja na jina lililoandikwa jinsi linavyosomwa, ili ukipatwa na dharura asilazimike kubuni.

Hafla ikimalizika, ile sauti uliyorekodi mpelekee kwanza yeye kama anaitaka kwa ajili ya wajukuu. Asipoitaka, ifute kwenye simu mbele yake. Ukurasa wenye majina ya wale wakunga wawili na habari za Fundo uchane. Ukurasa wenye jina lake na namna ya kulisoma ubaki kwenye faili la skuli, atakuja kualikwa tena.